Namba ya Ndani ya Jalada

Wewe unayesoma, namba yako ya simu ni ya nani?

Usikimbilie kusema ni yako. Fundi Namba naye alidhani hivyo, na yeye ndiye aliyekuwa akila mshahara kwa kuuza namba. Jina hilo alibandikwa na shangazi yake siku ile ile alipopata kazi kwenye kampuni ndogo ya simu za intaneti. Shangazi alimtazama kutoka juu ya miwani, akafuta gundi vidoleni, akasema, "Haya, sasa ukoo una mafundi wawili. Mimi wa vitabu, wewe wa namba. Tofauti yetu ni kwamba changu kinashikika."

Shangazi alikuwa mjalidi. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye chumba kimoja cha nyuma, ghorofa ya chini ya jengo nene la zege, kati ya duka la fotokopi na ngazi. Kazi yake ilikuwa kushona vitabu vilivyoachia, kubandika migongo mipya na kuvalisha majalada magumu tasnifu za wanafunzi wa chuo. Chumbani mlikuwa na meza ndefu yenye makovu ya kisu, mitungo ya uzi wa kushonea, na mashine ya chuma ya kubana vitabu ambayo gurudumu lake lilihitaji mikono miwili na kifua. Fundi Namba alilelewa kwenye harufu ya gundi ya chumba hicho baada ya baba yake kufariki. Madaftari yake ya shule ndiyo pekee darasani yaliyokuwa na majalada ya kitambaa, na wenzake walimwita Profesa kwa kejeli hadi alipowazoesha kwa kuwapita kwenye mitihani.

Kila kitabu kilichotoka mikononi mwa Shangazi kilikuwa na kijikaratasi ndani ya jalada la nyuma, upande wa chini, kimebandikwa kwa unadhifu kama stempu. Juu yake maneno mawili, *Imejalidiwa na*, na chini yake namba ya simu. Hakuweka jina. "Jina la nini?" alikuwa akisema. "Kitabu kikichanika hawatatafuta jina langu, watatafuta mkono wangu. Wapige, niko hapa." Namba hiyo hiyo ilikuwa mlangoni, kwa rangi nyeusi, tarakimu kubwa alizochora mwenyewe akiwa amesimama juu ya kigoda. Ilikuwa kwenye maelfu ya vitabu, kwenye rafu ambazo hajawahi kuziona.

Tatizo lilikuwa zege. Mtandao wa simu ya mkononi haukuingia mle chumbani. Shangazi aliiacha simu dirishani, na dirishani nako ilikuwa bahati nasibu. Ikilia, alikimbia uani akiwa na gundi mikononi, asimame karibu na tenki la maji, mahali pekee penye mtandao, na mara nyingi alipofika simu ilikuwa imeshakata. Wateja walilalamika. Wengine walidhani amekufa.

"Leo mmoja ameniuliza kama mimi ni mtoto wa marehemu," alimwambia Fundi Namba siku moja. "Nikamwambia marehemu ametoka kidogo, atarudi saa nane."

Alicheka peke yake. Fundi Namba hakucheka. Alikuwa kijana wa aina ile ambayo ikiona jambo limepinda haiwezi kulala. Chuoni alikuwa wa kwanza kuandika barua za malalamiko na wa mwisho kukubali majibu. Kwake yeye simu za intaneti hazikuwa biashara tu, zilikuwa haki. Kwa nini mtu apoteze riziki kwa sababu ya unene wa ukuta, wakati waya wa intaneti unapita duka la fotokopi, hatua nne kutoka mezani kwake?

Basi wiki moja alikuja na kisanduku. Akavuta waya kutoka kwa jirani wa fotokopi, akapachika simu ya mezani yenye vitufe vikubwa, akamkalisha Shangazi kitini.

"Sikiliza, Shangazi. Simu ya mkononi inaishi kwenye laini. Laini ni kile kikadi, kinaongea na mnara. Mnara hauoni humu ndani, basi hakuna simu. Hii ya kwangu haina laini wala mnara. Namba yako itakaa kwenye kompyuta yetu kubwa, inaitwa seva. Mtu akipiga, simu inafika kwenye seva. Seva inauliza, namba hii leo nani amejisajili nayo? Hii simu ya mezani imeshaingia kwa jina na nywila, inajibu, mimi hapa. Seva inailetea. Sauti inakatwa vipande vidogo vidogo, inapita kwenye waya wa intaneti, inaunganishwa tena sikioni mwako."

"Inashonwa upya."

"Ndiyo, inashonwa upya."

"Na nikiichomoa hii simu nikaenda nayo mwezini?"

"Kukiwa na intaneti mwezini, italia."

Shangazi akaitazama simu kwa heshima kidogo. "Na namba yangu? Siwezi kuwa na namba mpya, unajua. Nitavifuata vitabu vyote nibandue?"

"Haibadiliki hata tarakimu moja. Tunaihamisha. Inatoka kampuni ya laini, inakuja kwetu. Wanaokupigia hawatajua kitu."

Kuhamisha namba kulikuwa na fomu ya maswali tisa, na Fundi Namba aliijua kama sala. Swali la sita liliuliza: *Je, namba hii hupokea namba za uthibitisho kutoka benki?* Mteja akisema ndiyo, sheria ya ofisi ilikuwa kumsomea onyo zima la nusu ukurasa kwamba huenda benki isizitume tena, kisha atie saini. Fundi Namba alijua kabisa kwamba Shangazi alikuwa na akaunti kwenye benki ya simuni, ile isiyo na matawi wala kaunta, yote ipo kwenye programu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia.

Lakini aliwaza: nikimsomea onyo, ataogopa. Akiogopa, atakataa. Akikataa, ataendelea kukimbilia kwenye tenki mpaka mguu umfe. Na tena, namba inaanza vile vile kama za mkononi, benki itajuaje? Akaweka alama kwenye *Hapana*, akamsogezea karatasi.

"Saini hapa, Shangazi."

Akasaini bila kusoma. Mtu hamsomi mtoto aliyemlea.

Wiki ya kwanza Fundi Namba alijaribu, kwa sababu dhamiri ilimwasha. Alimwambia Shangazi atume kiasi kidogo kwa muuza gundi. Kampuni yao ilikuwa na njia ya kupokea meseji, zinatokea kwenye tableti aliyomwachia Shangazi. Dakika moja haikupita, tarakimu sita za uthibitisho zikaingia. Alishangilia ndani kwa ndani. Kwenye daftari lake la kazi akaandika: *benki imepita*, akapiga mstari chini.

Simu ya mezani ikawa furaha ya chumba. Shangazi aliipokea kwa kiwiko, akibonyeza kitufe cha spika, mikono ikiendelea kushona. "Ongea tu, mwanangu, nina sindano mkononi lakini masikio yako huru." Kwa miezi minne kazi iliongezeka hivi kwamba tasnifu zilipangwa hadi kwenye ngazi.

Kisha mwenye jengo akaamua kuuza vyumba kimoja kimoja.

Dalali wake alikuja na barua. Wapangaji wa siku nyingi walipewa nafasi ya kwanza kununua, siku thelathini, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Asiyelipa, chumba kinaenda kwa mnunuzi wa pili, ambaye alikuwa anataka stoo na pesa zake ziko tayari. Shangazi aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mashine ya kubana kana kwamba nayo ilihitaji kubanwa ikae sawa.

Miaka kumi na tisa alikuwa akiweka akiba bila kumwambia mtu ni ya nini. Sasa ikajulikana ni ya nini. Kilichopungua kilikuwa malipo ya chuo kwa tasnifu za mwaka ule, na chuo kililipa Jumatano, siku mbili kabla ya mwisho. Alimpigia Fundi Namba kwa spika, akipaza sauti kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Zimeingia! Zimetimia! Njoo ushuhudie ninavyobonyeza, maana ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nanunua nyumba!"

Alikwenda. Shangazi alikuwa amenawa mikono na kuvaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Akaingiza akaunti ya mwenye jengo, akaingiza kiasi, akabonyeza. Wakangojea tarakimu sita kwenye tableti.

Hazikuja. Badala yake programu ya benki ikaandika kwa herufi nyekundu: *Namba hii haikubaliki kwa uthibitisho. Tafadhali tumia namba ya simu ya mkononi.*

"Bonyeza tena," alisema Fundi Namba.

Ikaandika vile vile.

Walipiga simu benki. Shangazi ndiye mwenye akaunti, ilibidi azungumze mwenyewe, kwa spika. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa na sauti tamu ya mtu anayesoma.

"Mama, namba yako inaonekana si ya simu ya mkononi. Inaonekana ni ya intaneti."

"Inaonekana wapi? Mbona ni ile ile niliyofungulia akaunti?"

"Kwenye mfumo, mama. Tumeboresha usalama mwezi huu."

"Mfumo umewahi kuniona mimi?"

"Pole sana, mama. Unaweza kubadilisha namba, ni rahisi. Ingia kwenye programu, chagua *badilisha namba*, uweke mpya, halafu tutakutumia tarakimu sita za kukuthibitisha."

"Mtazituma wapi?"

"Kwenye namba yako ya sasa."

"Hii mliyoikataa?"

Jirani wa fotokopi, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza bila aibu, akaguna.

"Ipo njia ya pili, mama," dada akaendelea. "Upige picha ya kitambulisho na video ya uso. Wataalamu wanaipitia ndani ya siku tano za kazi."

"Mimi nina siku mbili, mwanangu."

"Pole sana, mama."

"Kwenye kadi je, nikachukue taslimu?"

"Kadi ina kikomo cha siku, mama." Akataja kikomo. Kwa kikomo hicho Shangazi angehitaji miezi miwili kwenye mashine ya pesa.

"Haya," Shangazi akasema kwa upole. "Najua si wewe unayesema, ni karatasi iliyo mbele yako. Ubaki salama."

Alipokata simu hakumlaumu mtu. Alimgeukia tu Fundi Namba kwa uso wa mtu anayemtazama daktari. "Fundi, imekuwaje?"

Na yeye, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akasema, "Ngoja nikaulize ofisini."

Asubuhi ya Alhamisi aliingia kwa bosi wake bila kubisha. Bosi alikuwa mama wa makamo aliyekaa miaka mingi kwenye kampuni kubwa za simu kabla ya kuanzisha yake, mtu wa maneno machache na vikombe vingi vya chai. Fundi Namba alimwaga moto wote. Hivi benki ni nani hata iamue kwamba namba ya mtu mwaminifu si namba? Kwa nini masikini wa mtandao aadhibiwe? Tarakimu zile hazijabadilika, zinaanza kama za mkononi, wamejuaje?

"Wameuliza," Bosi alisema. "Zile tarakimu za mwanzo hazisemi kitu tena tangu watu waanze kuhamisha namba. Kuna orodha inayoonyesha kila namba iko kwa nani leo. Kabla ya kutuma meseji, benki inauliza kwenye orodha, hii ni ya mkononi, ya mezani, au ya intaneti? Ya shangazi yako inasoma jina letu. Basi."

"Lakini mwanzoni ilipita!"

"Mwanzoni walikuwa hawaulizi."

Akageuza kioo cha kompyuta kumwonyesha. "Hizi ulizifunga wewe mwenyewe wiki iliyopita. Umesahau?"

Hakusahau. Ilikuwa orodha ya namba arobaini zilizonunuliwa ndani ya dakika kumi na mtu mmoja mwenye barua pepe ya uongo, aliyekaa nchi nyingine, na zote zilitumika kufungulia akaunti za watu wasiokuwepo. Siku ya tatu akazitupa. Siku ya nne kampuni iliwauzia watu wengine namba hizo hizo, kihalali kabisa.

"Namba zetu tunazichukua kwa mafungu kutoka kampuni kubwa, tunazikodisha," Bosi alisema. "Ni kama vyumba vya gesti. Leo huyu, kesho yule, na kitanda ni kile kile. Laini ya mkononi ina kitambulisho nyuma yake, na kikadi kimoja kilicho kwenye mfuko mmoja. Yetu inafunguliwa na yeyote mwenye nywila, popote alipo. Umewahi kumwambia mteja italia hata mwezini?"

Fundi Namba alikumbuka alivyomjibu Shangazi.

"Ndiyo sifa tunayoiuza. Na ndiyo hiyo benki inayoiogopa. Mimi siwalaumu kwa kuogopa. Nawalaumu kwa uvivu, maana wangeweza kuweka uthibitisho ndani ya programu yenyewe wasitegemee meseji za mtu yeyote. Lakini leo ni Alhamisi, na hatutaijenga benki upya kabla ya kesho." Akanywa chai. "Shangazi yako alisaini onyo?"

Fundi Namba akageuzia macho orodha ile ya kwenye kioo. Bosi aliweka kikombe chini taratibu.

"Mrudishie namba kwenye laini," alisema. "Nitaiachia saa hii hii kwa upande wetu. Kimbia."

Alimchukua Shangazi, wakakimbia. Kwenye duka la kampuni ya simu Shangazi alipanga foleni kwa muda wa saa tatu, akatoa kitambulisho, akaweka alama za vidole, vidole ambavyo gundi ya miaka ilikuwa imevilainisha hata mashine ikamkataa mara nne. "Hata huku sionekani," alimwambia mhudumu, na mhudumu akacheka, na Fundi Namba akatamani sakafu impokee. Walipewa laini mpya na kuambiwa namba itahamia humo kesho, wakati wowote kabla ya jioni.

Ijumaa walikaa uani tangu asubuhi, karibu na tenki la maji, simu ndogo juu ya ndoo iliyopinduliwa. Shangazi alileta kazi yake. Alishona tasnifu mbili akiwa amekaa kwenye kigoda, uzi ukiingia na kutoka, na kila baada ya muda alichungulia kioo cha simu. Saa nane na nusu kikaandika kwamba laini iko hewani. Fundi Namba akaingia chumbani kuhakikisha. Simu ya mezani ilikuwa bado na taa yake ya kijani, imejisajili vizuri kwenye seva, lakini alipopiga ile namba, iliyolia ilikuwa ile ya kwenye ndoo.

"Imerudi nyumbani," Shangazi akasema.

Akavaa miwani zote mbili. Akaingiza akaunti, kiasi, akabonyeza. Simu ikatetema. Tarakimu sita! Alizisoma kwa sauti moja moja kama mtoto anayehesabu ngazi, na Fundi Namba akaziingiza, na kwa muda wa pumzi moja wote wawili waliamini.

*Tumegundua kuwa laini ya namba hii imebadilishwa hivi karibuni. Kwa usalama wako, malipo makubwa yamesitishwa kwa saa sabini na mbili.*

"Maana yake nini?" Shangazi aliuliza. "Si wametuma? Si tumeweka?"

Fundi Namba alijua maana yake, na kujua hakukuwa na faida yoyote. Wapo wezi wanaojifanya wewe, wakaenda duka la simu, wakapewa laini mpya yenye namba yako, wakaanza kupokea tarakimu zako. Kwa hiyo benki ikiona laini ni mpya, inafunga mlango siku tatu ili mwenye mali apate kushtuka. Mara ya kwanza walimkataa kwa sababu namba haikuwa na laini. Mara ya pili walimzuia kwa sababu ina laini. Kote kuwili walikuwa sahihi juu ya wezi, na kote kuwili hapakuwa na mwizi.

Dalali alifika saa kumi kasoro robo, shati limepigwa pasi, folda kwapani. Walimwonyesha salio. Walimwonyesha ujumbe wa benki. Shangazi alimwomba siku tatu, na Fundi Namba hakuwahi kumsikia akimwomba mtu kitu.

"Mama, mimi nakuheshimu sana. Tasnifu ya mke wangu umejalidi wewe," dalali alisema, na haya ilionekana usoni mwake. "Pesa naziona. Lakini mwenye jengo anasema pesa iliyo kwenye kioo ni picha ya pesa. Mnunuzi wa pili yuko ofisini kwake sasa hivi. Ningekuwa na uwezo..."

"Hizi ni siku tatu tu!" Fundi Namba alipaza sauti. "Amekaa hapa miaka kumi na tisa! Hamna hata chembe ya..."

"Fundi," Shangazi alisema. "Mwache. Naye ametumwa."

Dalali alisubiri mpaka saa kumi kamili, akisimama, kwa adabu. Kisha akampa wiki moja ya kuhamisha vitu, akaondoka kwa kupitia upande wa ngazi ili asipite mlangoni.

Walirudi chumbani. Mashine ya kubana ilikuwa na kitabu ndani, imekazwa. Shangazi alikaa, akavua miwani moja, kisha ya pili. Fundi Namba alibaki amesimama. Alikuwa ameandika barua za malalamiko kwa wakuu wa chuo, kwa wakuu wa mitaa, kwa wakuu wa kila kitu, na sasa hakuwa na mkuu wa kumwandikia.

"Shangazi, ile fomu niliyokusainisha. Swali la sita. Walitaka nikuulize kama namba inapokea meseji za benki. Ungesema ndiyo, ningekusomea onyo. Nikajaza hapana mwenyewe. Nilijua, Shangazi. Niliogopa utakataa."

Alingoja. Angefurahi kupigwa. Nje mashine ya fotokopi ya jirani ilikuwa ikitema karatasi, moja baada ya nyingine.

Shangazi alitazama simu ya mezani kwa muda mrefu, taa yake ya kijani ikiwaka bure.

"Ungeniuliza, ningekwambia ndiyo," alisema hatimaye. "Na ungenisomea hilo onyo lako, ningesaini. Kwa sababu ni wewe ungekuwa umelileta." Akasugua macho kwa mgongo wa mkono, pale pasipo na gundi. "Hicho tu ndicho kinaniuma, baba. Hicho kingine ni chumba."

Usiku ule kila mmoja alikaa na lake.

Asubuhi yake, Jumamosi, Fundi Namba alikuja mapema na maboksi ya kufungashia. Alimkuta mpaka rangi ameshatangulia. Mwenye stoo hakuwa mtu wa kungoja wiki. Mpaka rangi alikuwa juu ya kigoda cha Shangazi mwenyewe, ndoo ya rangi ya kijivu miguuni, akiupaka mlango. Alianzia kushoto. Tarakimu nne za kwanza zilikuwa zimeshapotea.

Shangazi alikuwa uani, karibu na tenki, simu ndogo kwenye mfuko wa aproni. Alikuwa akimtazama mpaka rangi kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. "Pitisha mara mbili," alimwambia. "Nyeusi ile niliichanganya vizuri, itachungulia."

"Sawa, mama."

Simu ikalia mfukoni mwake. Mara ya kwanza baada ya miezi minne alipokea kwa mkono, si kwa kiwiko. Sauti iliyotoka ilikuwa ya msichana, kubwa na ya haraka, na Fundi Namba aliisikia toka alipokuwa: alisema ana kitabu cha marehemu babu yake, mgongo umeachia, kurasa zinadondoka, na ameona namba hii ndani ya jalada, hajui kama bado kuna mtu.

Brashi ya mpaka rangi ikasimama hewani.

"Nipo," Shangazi alisema. "Usizidondoshe kurasa, mwanangu. Zifunge na kitambaa, si mpira, mpira unakata. Ndiyo. Ndiyo, nashona. Uniletee?"

Aligeuka, akautazama mlango, akatafuta neno la kumwelekeza mtu, na Fundi Namba akaona midomo yake ikianza kusema *chumba cha nyuma, kati ya fotokopi na ngazi*, kisha ikaacha.

"Una kalamu?" alisema. "Usiandike mahali. Andika tu hii namba tena, vizuri, usije ukaipoteza."

Akaitaja tarakimu kwa tarakimu, polepole. Mpaka rangi alisubiri hadi alipomaliza. Halafu akachovya brashi, akapaka ya tano.